Pesa iliyozama itaibuka lini?

Ukimuuliza mtu aliyewekeza kwenye hisa anaogopa nini, atakutajia asilimia: asilimia 30 itampotea, au nusu nzima. Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: nikishazama, nitakaa chini kwa muda gani?

Fahirisi ya S&P 500, inayofuatilia kampuni kubwa za Marekani, inalijibu swali hili waziwazi. Tarehe 24 Machi 2000 ilifunga kwenye pointi 1,527. Ikaporomoka hadi 777 Oktoba 2002, yaani hasara ya asilimia 49, na haikukivuka kile kilele cha zamani hadi tarehe 30 Mei 2007. Hiyo ni miaka saba na miezi miwili. Oktoba mwaka huohuo ikaanza kushuka tena, safari hii kwa asilimia 57, ikafika chini kabisa Machi 2009 na kurudi kileleni Machi 2013, miaka mitano na nusu hivi baadaye. Tazama vizuri: mporomoko wa pili ulikuwa na kina kirefu zaidi, lakini uliisha mapema kuliko wa kwanza. Kina hakikuambii muda. Na katika ile miaka 13 yote, ni miezi michache tu ya 2007 ambapo mwenye pesa aliweza kusema yuko juu ya alipokuwa mwaka 2000. Aliyekuwa akirudisha gawio kununua hisa zaidi aliibuka mapema kidogo, lakini naye alisubiri miaka.

Picha inayoonyesha jambo hili huitwa mchoro wa chini ya maji. Sifuri ndiyo uso wa maji. Akaunti ikiwa kwenye kilele chake, mstari unagusa uso. Ikishuka, mstari unazama kwa asilimia iliyopungua kutoka kilele cha juu kabisa kilichowahi kufikiwa. Unaweza kuuchora mwenyewe. Weka salio la kila mwisho wa mwezi kwenye safu ya B ya jedwali la kompyuta, kuanzia mstari wa pili, kisha andika fomula hizi na kuziburuta hadi chini:

```
C2: =MAX(B$2:B2)
D2: =B2/C2-1
```

Safu ya D ndiyo mchoro wako. Usitazame tu ulipozama zaidi; pima upana wa kila bonde, tangu mstari ulipoacha uso hadi uliporudi. Bonde ambalo halijaisha nalo lihesabiwe. Wauzaji wengine wa huduma za uwekezaji huliacha nje kwa kisingizio kwamba bado linaendelea, kumbe huenda ndilo pana kuliko yote.

Hapa ndipo wengi hupotoka: muda wa mfuko kupona si lazima uwe muda wa wewe kupona. Tuseme mzazi ana shilingi milioni 10, na katika mwaka mmoja na nusu zinashuka kwa asilimia 30 hadi milioni 7. Ili arudi alipokuwa anahitaji faida ya karibu asilimia 43, si 30. Mfuko ukipata asilimia 9 kila mwaka, atafika baada ya miaka minne na ushei. Lakini akiwa anatoa shilingi 400,000 kila mwaka kwa ada, faida ya mwaka wa kwanza ni 630,000, na baada ya ada inabaki 230,000 tu ya kujaza shimo. Kwa mwendo huo atachukua takribani miaka tisa. Angetoa 630,000 kila mwaka, asingeibuka kamwe, ingawa mfuko wenyewe ungetangaza kwamba umeshapona.

Anayeongeza pesa kila mwezi hudanganywa kwa namna nyingine. Salio lake linapanda kwa sababu ya mshahara wake, naye anadhani uwekezaji umepona. Kama ana vipande vya mfuko wa pamoja, achore mchoro mmoja kwa bei ya kipande, uonyeshe kazi ya msimamizi, na mwingine kwa salio lake, uonyeshe hali yake mwenyewe.

Uvumilivu basi upimwe kwa kalenda. Andika tarehe unayohitaji pesa na kiasi utakachotoa kabla yake, kisha linganisha na bonde pana kuliko yote katika historia ya mfuko, ukijua lijalo laweza kulizidi. Kama mtoto anaingia chuo baada ya miaka minne na bonde hilo lilidumu saba, akaunti hiyo haimfai kwa ada, hata kama wastani wa faida yake unavutia. Iondoe ada hiyo leo, akaunti ikiwa bado juu ya maji, uiweke kwenye hatifungani zitakazoiva kabla ya siku ya kulipa.