Mwanafunzi Akiuliza: "Si Nyinyi Ndio Mliotuuza?"

Kuna swali moja ambalo mwalimu wa historia au wa dini hapa Pwani atakutana nalo, leo au kesho. Darasa lina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na wachache ambao kwao nyumbani dini si jambo la kila siku. Mmefika kwenye mada ya biashara ya utumwa. Mkono unainuka nyuma: "Mwalimu, kwani si nyinyi Waislamu ndio mliotuuza?"

Darasa zima linanyamaza. Watoto wa Kiislamu wanakutazama uwatetee. Wenzao wanakutazama waone kama utakasirika. Mimi hufundisha historia na dini ya Kiislamu, na swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja, kwa maneno makali kuliko hayo. Leo nataka kueleza namna linavyoweza kujibiwa, kwa sababu wazazi wengi pia huulizwa vivyo hivyo mezani na hawajui waanzie wapi.

Dakika ya kwanza ndiyo nzito. Ukiuliza, "Wewe ni wa kabila gani?" umeshaharibu. Ukisema, "Hata Wazungu waliuza watu," umesema kweli, lakini hukuulizwa habari za Wazungu. Mtoto ataelewa kwamba umekimbia, na wale wa Kiislamu watajifunza kwamba jibu la aibu ya mtu ni kutaja aibu ya mwenzake. La kufanya ni kulirudia swali kwa sauti ya kawaida, kisha kuliandika ubaoni. Mimi huligawa mara tatu: Nini kilitokea hapa kwetu? Dini ya Kiislamu inasemaje juu ya utumwa? Na hao "nyinyi" ni nani? Hapo swali linaacha kuwa jiwe lililorushwa, linakuwa kazi ya darasa.

Tuanze na lililotokea. Hapa hakuna haja ya kupunguza wala kuongeza. Katika karne ya 19 watu walitekwa bara, wengi wao pande za Ziwa Nyasa na kusini mwa Tanzania ya leo, wakaletwa Pwani na Zanzibar. Walilimishwa mashamba ya karafuu visiwani, na mashamba ya nafaka na minazi huku Malindi na Mombasa. Wenye mashamba na majahazi wengi walikuwa Waarabu na Waswahili, yaani Waislamu. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini kumiliki mtumwa kuliendelea. Kwa Zanzibar sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na kwa Pwani ya Kenya mwaka 1907. Mtoto aliyeuliza anastahili kusikia hayo kinywani mwa mwalimu Mwislamu bila kigugumizi.

Kisha walete karibu na mahali wanapopajua. Frere Town, pale Kisauni, ilianzishwa na wamishonari mwaka 1875 iwe makazi ya watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake bado ipo. Rabai nako walijaa watoro waliokimbia mabwana zao. Mwaka 1888 watoro walioonekana kwenye misheni walikuwa wapata 1,400, na kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikishika Pwani ikawalipa mabwana fedha ili watoro hao wapewe hati za uhuru. Hapo mwanafunzi mwingine kwa kawaida huuliza kwa nini alipwe bwana na si mtumwa. Ni swali zuri, na halina dini.

La pili ndilo linalohitaji uangalifu wa lugha. Katika darasa la mchanganyiko mwalimu hasemi, "Mungu amesema," kana kwamba wote wamekubali. Anasema, "Waislamu wanaamini kwamba," au "Katika Kurani, Sura fulani, kumeelezwa." Hii si kuificha imani yako. Ni kumwezesha mtoto wa Kikristo asikilize bila kuona anasilimishwa, na mtoto wa Kiislamu ajue jambo limetoka wapi. Hata mtihani humtaka mwanafunzi ajibu hivyo.

Basi inasemaje? Uislamu ulipokuja uliukuta utumwa uko kila mahali. Kurani imehesabu kumwacha mtu huru kuwa ni katika njia ngumu ya wema, katika Suratul Balad. Imefanya ukombozi wa watumwa kuwa moja ya mafungu manane ya zaka, Suratut Tawba aya ya 60. Aliyeua mtu kwa bahati mbaya, au aliyevunja kiapo, kafara yake moja ni kumwacha mtumwa huru. Mtumwa anayetaka kujikomboa kwa kulipa kidogo kidogo, Suratun Nur aya ya 33 inawaelekeza mabwana waandikiane naye mkataba. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alimtaja anayemuuza mtu huru na kula thamani yake kuwa ni miongoni mwa watakaoshtakiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe siku ya Kiyama.

Hadithi hiyo ndiyo inayogusa Pwani yetu. Wengi wa walioletwa hapa hawakuwa mateka wa jihadi yoyote. Walikuwa watu huru waliovamiwa usiku vijijini mwao, au waliotolewa rehani kwa njaa wasikombolewe. Kwa kipimo cha sheria ya Kiislamu yenyewe, biashara ile ilikuwa dhuluma. Hilo mwalimu anaweza kulisema kwa kujiamini. Lakini asiruke ukweli wa upande wa pili: sheria haikuufuta utumwa moja kwa moja. Iliukubali uwepo, ikauwekea masharti. Ukisema "Uislamu uliharamisha utumwa" ukanyamaza, kuna mtoto mwenye simu atakayekurudia kesho na aya mkononi.

Hapo ndipo huja swali la pili, na safari hii halitoki kwa Mkristo. Linatoka kwa Mwislamu, mara nyingi kijana mpole anayekufuata mlangoni baada ya kipindi: "Maalim, pombe iliharamishwa. Riba iliharamishwa. Mbona utumwa haukuharamishwa?"

Huyu usimwambie "astaghfirullah, hayo ni maswali ya kufuru." Ukimwambia hivyo hataacha kuuliza, ataacha kukuuliza wewe. Mwulize kwanza ameanza lini kulifikiria. Jibu lake litakuonyesha kama anataka elimu, au kuna jambo jingine linalomuuma. Mmoja aliniambia amefikiria tangu aliposikia posa ya dadake imekataliwa kwa kuwa ati ukoo wao ni wa wazalia. Huyo hakuwa akiuliza fiqhi. Alikuwa akiuliza kama dini yake inamhesabu kuwa mtu kamili. Nilianza na Bilali, aliyekuwa mtumwa akanunuliwa na Abubakar na kuachwa huru, kisha akawa mwadhini wa Mtume. Fiqhi tuliiacha mpaka wiki iliyofuata.

Kwa anayetaka elimu, mpe jibu la wanazuoni na mipaka yake. Wengi wanasema milango ya kuingia utumwani ilipunguzwa ikabaki mateka wa vita, na milango ya kutokea ikapanuliwa, ili jambo lenyewe liishe bila kuivuruga jamii iliyolitegemea. Akikujibu kwamba halikuisha kwa karne nyingi, amesema kweli, na usimpinge. Kisha mwelezee habari ya Tunisia. Mwaka 1846 mtawala wake, Ahmad Bey, aliufuta utumwa, na mamufti wakubwa wa huko wakamuunga mkono. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba watumwa wa zama zile haikujulikana kama walipatikana kihalali, na mabwana hawakutimiza haki zao. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake, na karibu miaka 20 kabla ya Marekani. Kijana anaona kwamba hoja ya kuumaliza utumwa ilikuwamo ndani ya dini muda wote. Anaona pia kwamba wengine, wakiwamo wa Pwani yetu, hawakuitumia. Yote mawili ni kweli, na anaweza kuyabeba.

Turudi ubaoni, kwenye lile la tatu: hao "nyinyi" ni nani? Hapa acha darasa lifanye kazi. Waliouza wengi walikuwa Waislamu, na waliouzwa wengi walisilimu, wakazaa, na wajukuu wao ndio hawa wanaoswali nasi safu moja. Katika darasa moja la Kisauni "nyinyi" na "sisi" wamekaa dawati moja, na pengine katika damu ya mtoto mmoja. Halafu waulize neno "uungwana" lina maana gani. Watasema ni adabu. Waeleze kwamba mwungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Lugha yetu iliweka tabia njema upande wa aliye huru, na mpaka leo tunaitumia bila kujua. Nimeona swali hili likiwatuliza waliokuja na hasira na kuwafikirisha waliokuja na fahari.

Utajuaje kama somo limekwenda vibaya? Usitazame darasani, kwa sababu darasani watakubali kila kitu. Sikiliza wakati wa mapumziko. Ukisikia "mtumwa" au "muuza watu" vimekuwa majina ya utani, rudi kesho yake uzungumze nao waziwazi, kabla hayajafika nyumbani. Na kama aliyeuliza hajainua mkono tena wiki nzima, mtafute umwambie swali lake lilikuwa la maana.

Kuna mstari ambao mwalimu havuki. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Mtoto wa Kikristo anaweza kutakiwa kujua Waislamu wanaamini nini. Hawezi kutakiwa akubali. Kijana wa Kiislamu mwenye shaka naye si kazi yako kumpeleka kwa babake usiku huo huo. Akikuuliza usilolijua, mwambie utamwuliza aliye na elimu zaidi, umtajie siku ya kumletea jibu, na siku hiyo ikifika umletee.