Cheti cha Daktari Kina Tarehe Zake

Wafanyakazi wengi nchini Tanzania huamini kwamba ukishampigia simu msimamizi na kumwambia unaumwa, umemaliza. Hujamaliza. Taarifa ni kitu kimoja, cheti ni kingine.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa likizo wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini usipoleta cheti, mwajiri halazimiki kukulipa. Cheti hutolewa na daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine wa tiba anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hawezi kumkataa bila sababu ya msingi.

Kifungu hicho hakitaji saa ya kutoa taarifa. Hiyo hupangwa na sera ya kampuni au mkataba wa hali bora. Tuchukue kiwanda kinachotaka taarifa kabla ya zamu kuanza na cheti ndani ya saa 48. Mfanyakazi anashikwa na homa Jumapili usiku. Asubuhi anamtumia ujumbe mwenzake, naye anasahau kuufikisha. Siku mbili anajitibu kwa dawa za dukani. Jumatano anakwenda zahanati, anaandikiwa ED kuanzia siku hiyo hadi Ijumaa. Jumatatu na Jumanne hazina cheti. Kama analipwa shilingi 520,000 kwa mwezi kwa kazi ya siku sita kwa wiki, siku moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo anaweza kukosa 40,000.

Hapo ndipo wengine humwomba daktari arudishe tarehe nyuma. Ni kosa kubwa: hasara ya shilingi 40,000 inageuka shauri la udanganyifu. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa ameeleza kuwa homa ilianza Jumapili, lakini tarehe ya kumpima ibaki ileile.

Je, mwajiri anaweza kutaka daktari wa pili? Sera ikiruhusu, ndiyo, ila itaje sababu. Shaka ikiwa juu ya karatasi, mathalani tarehe zilizofutwafutwa, inatosha kukiuliza kituo kama ndicho kilichoitoa. Daktari wa pili anafaa pale shaka inapohusu ugonjwa wenyewe: mtu anakosekana kila baada ya siku ya mshahara, au ameugua muda mrefu na haijulikani kama ataiweza tena kazi ya kubeba mizigo. Apimwe angali mgonjwa, kwani kumpima aliyekwishapona hakuthibitishi lolote. Gharama, pamoja na nauli, ni haki zibebwe na mwajiri aliyeomba. Daktari huyo aseme tu kama mtu anaweza kazi, ipi, na lini. Jina la ugonjwa si la kusambazwa ofisini; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Iombe sera ya kazini kwako ungali mzima, uisome. Siku ukiugua, mtumie ujumbe msimamizi mwenyewe, uutunze, na uende kupimwa siku hiyohiyo.