Tani moja ya muhogo mbichi inatoa makopa kilo ngapi?

Kijana mmoja wa hapa Msimbati alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alimenya muhogo, akapima kilo 1,000, unyevu asilimia 65, akataka makopa ya unyevu asilimia 13. Akatoa 13 kwenye 65, akapata 52, akamwahidi mnunuzi kilo 480. Siku ya kupima, mzani ukasoma 402. Akadhani ameibiwa uwanjani.

Jamani, hakuna mwizi. Ile 65 ni asilimia ya mzigo mbichi, na 13 ni ya mzigo uliokwisha kupungua, kwa hiyo huwezi kuzitoa hivyo. Kisichobadilika ni kile kikavu chenyewe, wanga na nyuzi. Kwenye kilo zake 1,000 ni kilo 350. Muhogo ukishakauka, hizo 350 ndizo asilimia 87 ya makopa yote. Basi gawanya 350 kwa 0.87, unapata 402. Karibu kilo 598 zimekwenda na jua.

Pima baada ya kumenya, maana maganda hayamo kwenye hesabu hii. Muhogo uliong'olewa wakati wa mvua huwa na maji zaidi: unyevu ukifika 70, tani hiyohiyo inakupa kilo 345 tu.

Jioni anua makopa, hewa ya baharini huyarudishia unyevu. Vunja moja: kavu hukatika kwa mlio. Likipinda, bado, usimtajie mnunuzi kilo.