Alivaa Nini, Alikula Nini, Alisema Nini

“Mtoto huyu ametelekezwa na mama yake, ambaye ni mlevi. Kila siku anakuja shuleni mchafu na mwenye njaa. Amekuwa mpole kupita kiasi kwa sababu ya mateso anayoyapata nyumbani. Naomba hatua zichukuliwe.”

Barua za namna hii huandikwa na walimu wenye uchungu wa kweli, nazo hupelekwa kwa mwalimu mkuu na baadaye kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa akizisoma hajui aanzie wapi. Mchafu vipi? Njaa yake ilijulikanaje? Nani alimwona mama akiwa amelewa, na lini? Mama akiitwa atasema mwalimu anamchukia, na ndani ya barua hakuna kitu hata kimoja cha kumjibu. Uchungu wa mwalimu umeandikwa wote, ila alichokiona hakimo.

Tanzania Bara, wajibu wa kutoa taarifa umo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kifungu hicho hicho kinamtaja mzazi, mlezi au ndugu anayeishi na mtoto ambaye ana uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, nafasi ya kucheza, mavazi, matibabu na elimu. Yule asiye nacho hakutajwa hapo. Sasa mwalimu anayemwona mtoto kwa saa chache darasani atajuaje kama mzazi ana uwezo au hana? Kwa kawaida hajui, wala sheria haimtaki athibitishe. Kazi yake ni kueleza alichokiona na alichoambiwa, kisha wenye mamlaka ya kuuliza na kutembelea nyumbani wakafanye yao.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mtoto tumwite J., ana miaka minane, yuko Darasa la Pili katika shule ya msingi pembezoni mwa mji. Barua iliyo hapo juu inamhusu yeye. Tuifumue.

“Kila siku anakuja mchafu.” Mwalimu akiulizwa alichokiona hasa, anakumbuka kwamba Jumatatu tarehe 3 Machi J. alikuja na shati lenye doa la rangi ya kahawia kwenye kola, upande wa kulia. Alhamisi tarehe 6 alikuwa na shati hilo hilo na doa lile lile. Siku hiyo, mwalimu alipoinama kusahihisha daftari lake, alisikia harufu ya mkojo. Hayo ndiyo ya kuandika. “Kila siku” inaondoka, maana Jumanne J. alikuwa na sare safi, na wiki iliyotangulia hakuna aliyeandika chochote. Jumanne hiyo nayo iandikwe. Taarifa inayotaja hata siku ya usafi huaminika zaidi, na humwonyesha afisa kwamba kuna siku mtu nyumbani anafua.

Njaa nayo haionekani. Kinachoonekana ni mtoto anayekunywa uji. “Alhamisi, saa nne asubuhi, J. alimaliza kikombe chake, akaomba cha pili, akapewa. Baada ya wenzake kuondoka aliokota vipande vya mihogo chini ya mwembe, akavila. Mwalimu wa zamu pia aliona.” Sentensi hizo hazina neno “njaa” hata mara moja, lakini hakuna asiyeelewa. Zina saa, mahali, na shahidi wa pili anayeweza kuulizwa.

Kuhusu mwili, mwalimu asijigeuze daktari. Neno “utapiamlo” ni la mtu aliyempima mtoto uzito na kimo. Mwalimu aandike: “Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kwa nje, kuna kidonda chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, kinachotoa usaha. Nilikiona mara ya kwanza Jumatatu, kikiwa wazi. Alhamisi kilikuwa bado wazi, na nzi walikuwa wanakitua.” Katika mashaka ya kutotunzwa, muda kati ya siku hizo mbili una uzito mkubwa kuliko ukubwa wa kidonda. Mtoto yeyote huumia; swali ni nini kilifanyika baada ya kuumia. Ndiyo maana daftari la mahudhurio nalo liambatane na taarifa. Kama Februari J. alikosa siku sita, tarehe zake zitajwe. “Ni mtoro” ni hukumu, na huenda siku hizo alikuwa anamlea mdogo wake.

Sasa twende kwa mama “mlevi”. Mwalimu hajawahi kumwona amelewa. Aliambiwa na mama mmoja anayeuza vitumbua nje ya geti la shule. Habari za kusikia hazikatazwi, kwa kuwa mara nyingine ndizo zinazomfikisha afisa mahali penyewe, lakini lazima zivae nguo yao: “Tarehe 5 Machi, jirani wa familia aliniambia kwamba mama wa J. hutoka jioni na kurudi alfajiri, na kwamba anadhani anakwenda kilabuni. Mimi mwenyewe sijashuhudia.” Jina la jirani liandikwe pale tu taratibu za shule zinaporuhusu, tena kwenye karatasi inayofungiwa. Na angalia neno “anadhani”. Jirani aliona mtu akitoka na kurudi. Kilabu kiko kichwani mwake.

Maneno ya mtoto yanahitaji uangalifu kuliko yote, na hapa ndipo walimu wengi huteleza kwa kumtengenezea mtoto lugha nzuri. J. akisema “Mama anatoka jioni, mi ndo nakaa na mtoto, tunafunga mlango na kamba,” iandikwe hivyo hivyo, na “mi ndo” yake. Ikiandikwa kwamba mtoto “alieleza kuwa huachwa bila uangalizi na kulazimishwa kumlea mdogo wake”, mwalimu ameshaingiza maneno ambayo mtoto wa miaka minane hasemi. Swali lililoulizwa liandikwe pia. “Niambie jana jioni ilikuwaje” humwacha mtoto aende anakotaka. “Mama huwa anawaacha peke yenu, eti?” tayari lina jibu ndani yake, na mbele ya hakimu litaonekana wazi. Kama J. alisema kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno yabaki katika lugha hiyo, tafsiri ifuate chini. Jambo jingine: mwalimu asimwahidi kwamba itakuwa siri yao wawili. Amwambie ukweli, kwamba atamweleza mtu anayeweza kusaidia.

Kuna kisa cha Uingereza kinachoonyesha hasara ya mambo haya yanapotawanyika. Daniel Pelka, mtoto wa miaka minne mjini Coventry, aliuawa Machi 2012 baada ya kunyimwa chakula na kupigwa. Mama yake na mwenzi wa mama huyo walihukumiwa mwaka 2013 kwa kosa la mauaji. Shuleni kwake watu waliona. Aliokota chakula kwenye mapipa, alichukua chakula cha wenzake, na alikuwa na alama mwilini ambazo watumishi tofauti waliziona kwa nyakati tofauti. Mama alieleza kwamba mtoto ana tatizo la kiafya linalomfanya ale ovyo, na maelezo yakapokelewa. Tathmini rasmi iliyotolewa mwaka huo wa 2013 ilionyesha kwamba majeraha hayakuwekwa kwenye kumbukumbu kwa utaratibu na kuunganishwa. Daniel, ambaye lugha yake ilikuwa Kipolandi, hakuwa na mazungumzo yoyote yaliyoandikwa na mtaalamu kuhusu maisha yake ya nyumbani. Tazama pia jinsi “ana tatizo la ulaji” lilivyofanya kazi. Lilikuwa tafsiri ya mzazi, likasimama mahali pa kitu kilichoonekana, yaani mtoto anayechakura mapipa.

Je, mwalimu asiseme kabisa anachofikiri? Aseme. Anamjua J. kuliko afisa ambaye hajawahi kumwona. Ila fikra zake zikae chini, baada ya aliyoyaona, chini ya kichwa chake zenyewe: “Wasiwasi wangu.” Hapo J. anayeitwa “mpole kupita kiasi” anapata nafasi yake. Juu iwe imeandikwa kwamba hadi Januari alikuwa anainua mkono na kucheza mpira mapumziko, na kwamba wiki hii amekaa peke yake mapumziko yote manne. Chini mwalimu aandike: “Nina wasiwasi kwamba J. hapati chakula cha kutosha wala matibabu, na kwamba usiku anabaki na mdogo wake bila mtu mzima. Inawezekana mama ni mgonjwa, au anafanya kazi usiku, au familia imeishiwa. Sijui ni lipi.” Neno “ametelekezwa” halimo. Hilo ataamua mwingine.

Taarifa hiyo inaweza kuishia sehemu mbili tofauti kabisa. Afisa anaweza kumkuta mama mwenye kipato ambaye ameitwa zahanati mara mbili kuhusu kidonda na hakwenda; hapo maneno ya sheria, ana uwezo lakini anapuuza, yanaanza kumgusa. Au anamkuta mama aliyeachwa na mume mwezi Februari, anayekaanga chipsi stendi hadi alfajiri kwa kuwa ndiyo kazi aliyoipata. Familia hii ya pili inahitaji chakula, dawa na mtu wa kukaa na watoto usiku. Taarifa ya pili ingefaa kwa nyumba zote mbili bila kufutwa mstari. Ile ya kwanza ingemwita mwanamke wa stendi mlevi ndani ya jalada la serikali, na angeisikia mtaani kabla hajaisikia ofisini.

Maana karatasi hizi husafiri. Taarifa isipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la wasap la walimu, wala kidonda cha mtoto kisipigwe picha kwa simu ya mwalimu. Mchoro mdogo wa mguu wenye alama ya msalaba unatosha. Iandikwe siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya wino, na iwe na jina, cheo, saa ya tukio na saa ya kuandika. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno lisomeke, kisha mwandishi atie sahihi pembeni. Neno lililofichwa kwa rangi nyeupe huzua maswali kuliko kosa lenyewe. Mwalimu aandike pia alimkabidhi nani na saa ngapi, na alichoambiwa.

Yapo mambo yasiyosubiri uandishi mzuri. J. akifika siku moja na homa kali na kusema mdogo wake wa mwaka mmoja amebaki amefungiwa ndani peke yake, simu inakwenda kwanza: kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya mtaa, kwa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Kalamu ifuate mtoto akiwa salama, na mstari wake wa kwanza uwe saa aliyofika getini.