Kinywaji cha Kushushia Biriani

Pilipili ya biriani ikianza kumwakia mgeni, mkono wake hukimbilia glasi ya maji baridi. Hupata nafuu ya funda mbili tatu, kisha moto unarudi palepale. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo huyeyuka kwenye mafuta lakini kwenye maji haiyeyuki vizuri, kwa hiyo maji yanapita juu yake na kuiacha imeganda ulimini. Kwa kweli ulimi haujaungua. Kapsaisini inaamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi joto kali, nayo inapeleka ubongoni habari ya moto usiokuwepo.

Soda huzidisha taabu. Sukari yake inapunguza ukali kidogo, lakini gesi inachoma ulimi ambao tayari unawaka. Soda ya tangawizi, ambayo wengi huiagiza pamoja na nyama kali, ina kasoro nyingine: ukali wa tangawizi unaamsha mishipa hiyohiyo.

Kinachofaa hapa ni mtindi. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo inaishika kapsaisini na kuitoa ulimini. Ndiyo maana hata maziwa yaliyotolewa mafuta husaidia. Ukimimina mtindi mzito kama ulivyo, wageni watashiba kabla ya sahani kuisha, basi uzimue. Chukua nusu lita ya mtindi usio na sukari na kiasi hichohicho cha maji baridi, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na bizari nyembamba kidogo iliyokaangwa kavu na kusagwa, kisha upige mpaka povu lijitokeze. Kule Oman na nchi nyingine za Ghuba, wali wa nyama huliwa sana pamoja na labani, kinywaji cha jamii hiyohiyo.

Lakini pilipili ni nusu tu ya habari ya biriani. Nusu ya pili ni samli, vitunguu vya kukaanga na mafuta ya nyama. Baada ya matonge kadhaa, mafuta hutanda ulimini na ladha inafifia, hata mlaji anaona amechoka kabla hajashiba. Hapo dawa ni uchachu. Unaleta mate kwa wingi, mate yanausafisha ulimi, na tonge linalofuata linakuwa na ladha kama la kwanza. Kachumbari yenye ndimu inafanya kazi hiyo kwenye sahani, na juisi ya ukwaju inaifanya kwenye glasi.

Kwa wageni sita, loweka robo kilo ya ukwaju katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Ukamue kwa mkono, uchuje, kisha uongeze lita moja na nusu ya maji. Tia vijiko vinne vya chakula vya sukari na chumvi kidogo sana. Usiionje peke yake, maana utaiona chachu mno na utaongeza sukari hadi uchachu upotee. Ionje baada ya kula tonge la biriani: ikiwa kinywa kinabaki chepesi na kinatamani tonge jingine, umepatia, ikiwa kinanata, sukari imezidi. Ipoze kwenye friji badala ya kutia barafu, ambayo ikiyeyuka huizimua.

Kwa hiyo andaa majagi mawili. Anayependa pilipili ajimiminie mtindi, na anayelemewa na mafuta achukue ukwaju. Mgeni ambaye kinywa kinamwaka asianze na ukwaju, kwa kuwa asidi huuchokoza zaidi ulimi unaowaka. Asiyepatana na maziwa atulizwe kwa wali mweupe au mkate, pamoja na kinywaji chenye utamu kidogo kama dafu. Dafu halina kaseini na halitaiondoa kapsaisini, ila utamu wake unapunguza makali. Kwa mgeni mwenye kisukari, toa jagi dogo la ukwaju kabla ya kutia sukari.

Hotelini, mpangilio ni huohuo. Samaki wa kupaka, mwenye tui zito, anakwenda na maji ya ndimu. Mishikaki ya pilipili inakwenda na maziwa mgando, au mala kama wasemavyo Kenya. Juisi nyingi huwa zimeshatiwa sukari jikoni, basi uliza kabla hazijaletwa. Zikiwa tamu mno, agiza chai ya rangi isiyo na sukari: ukakasi wa majani yake unaukausha utando wa mafuta. Ila kama umekula pilipili, iache ipoe kwanza, kwani joto la kikombe litauamsha tena moto.

Kahawa chungu ingoje halua. Uchungu wake unahitaji utamu wa kupambana nao, na biriani haina utamu huo.