22 kwa 47: mbinu ya delta katika hesabu za Kisumu

Mwaka 2007, jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Kisumu, Kenya, kuhusu tohara ya wanaume na maambukizi ya VVU. Vijana 2,784 waligawanywa kwa bahati nasibu: 1,391 watahiriwe mara moja, 1,393 wasubiri. Katika miaka miwili waliambukizwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika kundi la pili.

Je, tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati tu?

Njia mojawapo ya kulinganisha ni kugawanya walioambukizwa kwa wasioambukizwa. Kundi la kwanza lina 22 kwa 1,369, la pili 47 kwa 1,346. Uwiano wa kwanza ukigawanywa kwa wa pili, jibu ni 0.46. Namba ya aina hii haishuki chini ya sifuri, ila hupanda bila kikomo, kwa hiyo wanatakwimu huichukulia logi asilia, ambayo hutanuka pande zote mbili. Hapa logi ni −0.776.

Ugumu unaanzia hapo. Kuyumba kwa sehemu p ya walioambukizwa, kutoka sampuli moja hadi nyingine, kunajulikana: variansi yake ni p(1−p)/n. Logi ya uwiano haina fomula nyepesi kama hiyo, kwa kuwa inafuata mkunjo. Mbinu ya delta inautazama mkunjo kwa karibu, mahali pale tu penye makadirio, na hapo unaonekana mstari, kama uwanja wa mpira unavyoonekana tambarare ingawa dunia ni mviringo. Mteremko wa mstari huo ni 1/(p(1−p)). Variansi ya p huzidishwa kwa mraba wa mteremko, na kinachobaki ni chepesi ajabu: kwa kundi la kwanza, 1/22 + 1/1,369.

Kundi la pili linatoa 1/47 + 1/1,346. Kwa kuwa makundi hayategemeani, vyote vinajumlishwa: 0.0682, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.261. Karibu shaka yote imetoka kwenye 22 na 47. Maelfu ya wasioambukizwa wamechangia kiasi kidogo mno.

Zidisha 0.261 kwa 1.96, ongeza na utoe kwenye −0.776, kisha uondoe logi. Mipaka ni 0.28 na 0.77. Namba 1, yaani hakuna tofauti, imebaki nje. Watafiti wenyewe, waliohesabu pia muda wa kufuatiliwa, walipata 0.47, kati ya 0.28 na 0.78.

Mstari huo una kikomo. Kundi likiwa na visa 2 au 3, makadirio huyumba hadi pale mkunjo unapopinda waziwazi, na mipaka haiaminiki tena. Kisa kisipokuwepo kabisa, 1/0 haihesabiki, na hapo hutumika njia kamili kama jaribio la Fisher. Kwa hiyo msomaji anayeletewa matokeo ya aina hii aanze kwa kutafuta namba iliyo ndogo kuliko zote kwenye jedwali.