Njeo za Vitenzi katika Ikisiri ya Utafiti

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha sindano za artesuneti na za kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Ikisiri yake iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio wa njeo zake unahamishika kwa Kiswahili bila taabu.

Katika sehemu ya mbinu, watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Katika matokeo, watoto 230 kati ya 2,712 waliopewa artesuneti walifariki, na 297 kati ya 2,713 waliopewa kwinini walifariki. Yaani asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Vitenzi hivi vyote vina kiambishi -li-, kwa kuwa vinasimulia mambo yaliyotendeka mara moja, kwa watu mahususi, na kumalizika.

Hitimisho linabadili njeo: artesuneti hupunguza vifo vya watoto wa Afrika wenye malaria kali. Kiambishi hu- hakiwahusu tena watoto wale 5,425 pekee; kinamgusa pia mtoto atakayelazwa kesho. Waandishi waliweza kuvuka hivyo kwa sababu utafiti ulikuwa mkubwa, ulifanyika katika vituo vingi, na matokeo yake yaliafikiana na ya utafiti wa Asia uliochapishwa mwaka 2005.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni: wagonjwa 40 wa kliniki moja walipewa dawa ya shinikizo la damu, na ikisiri ikaandikwa, “Dawa hii hushusha shinikizo.” Mhudumu atakayeisoma aweza kubadili tiba, na mgonjwa aweza kuidai dawa hiyo, ilhali data zinaruhusu tu kusema, “Shinikizo lilishuka miongoni mwa wagonjwa hawa.”

Ukanushi una mtego mkubwa zaidi. “Dawa haikupunguza vifo” ni taarifa ya kilichoonekana. “Dawa haipunguzi vifo” ni hukumu, na utafiti mdogo ambao haukuona tofauti hauna uwezo wa kuitoa, kwani pengine tofauti ilikuwapo lakini washiriki hawakutosha kuidhihirisha.

Anayekagua ikisiri apigie mstari kila kitenzi na kutazama kiambishi chake. Akikuta -ta- katika mbinu (“wagonjwa watapimwa”), karibu kila mara ni mabaki ya pendekezo la utafiti yaliyonakiliwa bila kuhaririwa; basi na ahakikishe kwamba vipimo hivyo vilifanyika kweli. Akikuta hu- au -na- katika matokeo, aulize ni nani hasa aliyepimwa. Si kila -na- ni kosa, hata hivyo: “Jedwali linaonyesha” ni sahihi, maana jedwali lingali mbele ya msomaji.